TV ya nchi 55: picha inapauka ukikaa pembeni, nichukue ya kioo cha VA au IPS?

Mzaramo_Halisi: Wakuu, kesho naenda Kariakoo kuchukua TV ya nchi 55. Nimeonyeshwa mbili, muuzaji anasema moja VA, nyingine IPS, bei karibu sawa. Kwa jirani nimeona ukikaa pembeni picha inapauka. Ipi?

FundiMeza: Sebule umeficha. Mnakaa wapi? Mnaangalia mchana au usiku?

BabaPili: Chukua QLED, mambo ya pembeni utayasahau. Boksi lenyewe limeandikwa pembe ya kutazama digrii 178.

Mzaramo_Halisi: Kochi la L. Mama mkwe hukaa nchani, mita 2 kutoka ukuta wa TV na mita 2 kando ya katikati yake. Tamthilia mchana, mechi usiku.

FundiMeza: Basi mama anatazama kwa digrii 45. VA nyingi rangi zinaanza kukimbia hata kabla ya 30: weusi unageuka kijivu, sura za watu kama zimepakwa poda. Ndani ya VA chembe za kioo kimiminika zinainama kutoka wima ili kupitisha mwanga, kwa hiyo wa mbele na wa pembeni hawapati kiasi kimoja. Za IPS zinazunguka zikiwa zimelala, tofauti inakuwa ndogo. Ubaya wa IPS ni usiku taa zikizimwa, nyeusi yake ni kijivu hata ukikaa katikati.
BabaPili, QLED ni habari ya taa ya nyuma, kioo cha mbele mara nyingi ni VA hiyohiyo. Na hiyo 178 wanapima mpaka kontrasti inaposhuka 10:1, picha imeshakufa zamani.

BabaPili: Yangu haipauki.

FundiMeza: Unakaa wapi?

BabaPili: Mbele. Naishi peke yangu.

Saluni_ya_Temeke: Mimi nilinunua ya nchi 32, fundi akaipachika juu karibu na dari. Wateja wamekaa chini kwenye viti, wanaona giza, nywele nyeusi zinang'aa kama fedha! Nikairudisha dukani, wakaiwasha mezani, safi kabisa. Wakanicheka. Nikaipandisha tena, yaleyale. Mwisho kijana mmoja akaleta breketi ya kuinamisha, ikatazama chini, ikatulia. Kwa hiyo kaka, nunua breketi.

FundiMeza: Hiyo huenda ilikuwa na kioo aina ya TN, ukiitazama kutoka chini rangi zinageuka. Tatizo lake ni tofauti.

Mzaramo_Halisi: Nitajuaje muuzaji hanidanganyi? Boksi halisemi.

FundiMeza: Weka picha ya sura ya mtu, simama pale mama atakapokaa. Usiikague ya nchi 43 ukabeba ya 55, modeli moja inaweza kuwa na vioo tofauti.

Kijana_Mbagala: OLED je? Pembeni haina mpinzani.

BabaPili: Nembo ya chaneli ikigandia kwenye kioo utalia.

Kijana_Mbagala: Hiyo ni kwa wanaoacha chaneli moja kutwa nzima.

Mzaramo_Halisi: Mama mkwe ndivyo alivyo. Na mechi za usiku ni zangu mimi...

Saluni_ya_Temeke: Mhamishe mama katikati, wewe kaa pembeni 😂