CLL au limfoma ya manteli? Slaidi moja imetugawa nusu kwa nusu

Binti_Tudor

Assalaam alaikum wana maabara. Jana tulikaa barazani wanne tukijisomea mtihani wa damu, mwenzetu akaleta swali likatutoa jasho hadi kahawa ikapoa.

Mwanamume wa miaka 68, bandama limeshuka sentimita 6 chini ya mbavu, tezi za shingo zimevimba. Seli nyeupe ni 62 × 10⁹ kwa lita, na kati yake limfosaiti ni asilimia 88. Himoglobini 10.2, chembe sahani 118. Kwenye slaidi limfosaiti ni nyingi, nyingine ndogo, nyingine za wastani, na seli zilizopondeka zimetapakaa kama maembe yaliyokanyagwa Kongowea. Wawili wetu tumesema CLL, yaani lukemia sugu ya limfosaiti. Wawili wamesema limfoma ya manteli iliyomwagikia kwenye damu. Mtu anatofautishaje kwa darubini tu, na akipewa uboho aangalie nini?

Fundi_Darubini

Hapo hamna mjadala, dada. Mzee, limfosaiti nyingi, seli zilizopondeka: ni CLL. Mimi hiyo alama sijawahi kuikosa kwenye mtihani. Limfosaiti za CLL ni dhaifu, zinapasuka ukisukuma slaidi.

Mzee_wa_Slaidi

Fundi, nusu umepata. Ni kweli za CLL ni dhaifu, kwa sababu vimentini inayoshikilia umbo la seli ni kidogo ndani yake. Lakini kupondeka hutokea mkononi mwa anayetengeneza slaidi, si mwilini mwa mgonjwa, na seli za magonjwa mengine hupondeka pia. Mimi mwenyewe zamu ya usiku niliwahi kuandika "yaelekea CLL" kwa slaidi iliyojaa maembe hayo. Asubuhi msimamizi akaniuliza nani alisukuma. Ni mwanafunzi, na alikuwa amebana kioo kama anayepiga chapati. Tulipotengeneza nyingine kwa mkono mwepesi, zilizopondeka zikapungua sana na seli zilizobaki hazikufanana na CLL hata kidogo.

Ukitaka kuziona zikiwa nzima, chukua matone matano ya damu, ongeza tone moja la albumini ya asilimia 22, changanya taratibu, kisha tengeneza slaidi upya. Zikibaki nzima utazitazama sura. Ukikosa albumini, wakati wa kuhesabu zihesabu kama limfosaiti. Ukiziacha nje, asilimia ya nyutrofili itapanda kwa uongo.

Sasa sura. Limfosaiti ya CLL ni ndogo, kiini cha mviringo kimejaza seli karibu yote, na kromatini imegandana mafungu mafungu yenye mipasuko katikati, kama tope la mikoko likikaukiwa na jua. Ukitazama kumi, zote ni ndugu wa tumbo moja. Za manteli hazilingani: moja ndogo, jirani yake kubwa kidogo, viini vina kibonyeo au mkunjo, kromatini ni laini zaidi. Binti, umesema "nyingine ndogo, nyingine za wastani". Ulipoandika hivyo ulishaanza kujijibu.

MamaSwaleh_Likoni

Samahani, mimi si mtu wa maabara. Mamangu amepimwa damu, limfosaiti zimetoka 4.6 na nimeona hapa mnataja lukemia. Tangu asubuhi sili. Ni hiyo CLL?

Mzee_wa_Slaidi

Pole, mamangu. Namba hiyo peke yake haisemi CLL. Ili iitwe hivyo, limfosaiti B zenye asili moja zifike angalau 5 × 10⁹ kwa lita na zidumu miezi mitatu. Mafua makali yanaweza kupandisha limfosaiti kisha zikashuka. Rudi na karatasi kwa daktari aliyempima, muulize lini mama arudie kipimo. Na ule.

Kijana_Nyali

Mbona hakuna aliyetaja malaria? Hapa pwani bandama kubwa na limfosaiti nyingi huweza kuwa bandama la malaria, lile linalotokana na kuumwa mara kwa mara. IgM hupanda sana na bandama hupungua taratibu mtu akipewa dawa za malaria kwa muda mrefu.

Mzee_wa_Slaidi

Umefanya vyema kulitaja, na mtahini wa huku anaweza kuuliza. Ila limfosaiti za malaria huwa mchanganyiko: baadhi zina kappa, baadhi lambda. Zikiwa zote za upande mmoja, hilo ni kundi la seli moja iliyozaliana. Tena 62 ni nyingi mno kwa bandama la malaria.

Binti_Tudor

Nimemuuliza mwenzetu, kumbe alificha ukurasa wa pili wa swali! Flosaitometri: CD19 ipo, CD5 ipo, CD23 haipo, FMC7 ipo, CD79b kali, imunoglobulini ya juu ya seli ni kali, CD200 haipo.

Mzee_wa_Slaidi

Basi tuhesabu alama tano za CLL, kila iliyotimia ni moja. CD5 ipo: moja. CD23 ingepaswa kuwepo, haipo: sifuri. FMC7 ingepaswa kukosekana, ipo: sifuri. CD79b ingekuwa dhaifu, ni kali: sifuri. Imunoglobulini nayo ingekuwa dhaifu: sifuri. Jumla moja kati ya tano. CLL ya kawaida hupata nne au tano. CD200 haimo kwenye hesabu hii, lakini kukosekana kwake kunavuta upande uleule, maana CLL huwa nayo.

CD5 ndiyo mtego. Magonjwa yote mawili yanayo, kwa hiyo anayeishia hapo hajatofautisha kitu. Kithibitisho cha manteli ni t(11;14), inayofanya seli itoe siklini D1 kupita kiasi. Kwenye kipande cha uboho pakeni rangi ya siklini D1, viini viwake kahawia.

Kuhusu mpangilio ndani ya uboho, CLL hukaa kwa vinundu, au hujipenyeza kati ya seli za kawaida, au hujaza kote, lakini haikumbatii ukingo wa mfupa. Manteli inaweza kukaa pembeni mwa mfupa, na inaweza pia kuwa vinundu. Kwa hiyo vinundu peke yake havikupi jibu. Na CLL yenyewe siku hizi haihitaji uboho kuthibitishwa, damu na flosaitometri zinatosha.

Fundi_Darubini

Sawa, nimeshindwa kwa hoja. Lakini alama zikitoka tatu je? Mwaka jana tulipewa moja ya hivyo, mwalimu akasema CLL, kitabu kikasema si CLL.

Mzee_wa_Slaidi

Tatu ni nchi ya katikati. CLL yenye kromosomu 12 ya tatu inaweza kuwa na sura isiyo ya kawaida na alama pungufu. Mimi ningeandika "haijakamilika", nikaomba siklini D1 au FISH ya t(11;14) kabla ya kutaja jina.

Kijana_Nyali

Mtahini hatoi maksi kwa "haijakamilika".

Mzee_wa_Slaidi

Wangu alinipa.

Binti_Tudor

Wenzangu wawili wa manteli wananidai madafu. Fundi, mwalimu wenu alikuwa na siklini D1 ya yule wa alama tatu, au alikisia?