Naomba ushauri: safu ya mwisho ya matriksi, joto likipita kwenye ukuta wa zege

Wakuu habari zenu. Napiga hesabu ya joto ndani ya ukuta wa zege wa sm 20. Uso wa nje unapanda ghafla hadi 60°C, wa ndani umezibwa joto lisipite, na mwanzo kote ni 30°C. Nodi zimeachana sm 1, α ni 7e-7 m²/s.

Njia ya kawaida ilinilazimu nisizidi sekunde 71 kwa hatua, nikizidi namba zinayumba. Nikahamia njia ya kutumia joto jipya la majirani, hatua sekunde 600, Fo = 4.2:

```
-Fo*T[i-1] + (1+2*Fo)*T[i] - Fo*T[i+1] = Told[i]
```

Nilivyoelewa, haiyumbi kwa sababu joto jipya ni wastani wa joto la zamani na majirani wapya, uzito wote chanya na jumla yake 1. Haliwezi kupita kiwango cha juu kilichopo.

Tatizo ni nodi ya uso uliozibwa. Niliweka `-Fo` kwa jirani mmoja, ukuta ukapoa chini ya 30°C! Jumla ya safu ile ilikuwa 1+Fo badala ya 1, kana kwamba nje kuna sifuri. Nimebadili kuwa `-2*Fo`, kwa kuwa nodi ile ina nusu ya unene, na sasa ukuta haupoi chini ya 30°C.

Je, nimesahihisha ipasavyo? Na sekunde 600 si kubwa mno? Nikitumia 60, dakika za mwanzo karibu na uso wa nje majibu yanatofautiana waziwazi, baadaye yanakutana.