Ile apu ya kubadilisha rangi ya nywele imemwaibisha shangazi yangu mbele ya kamati nzima ya harusi!!!

JogooWaKondele
Ile apu. Mnaijua. Ile ambayo kabla hujafungua picha yako mwenyewe lazima utazame tangazo la mchezo wa kuokota sarafu. Leo imenimaliza.

Shangazi anataka picha yake kwenye kadi ya harusi. Gauni la samawati ligeuke damu ya mzee, maana ndiyo rangi ya kamati, na nywele ziwe kahawia kidogo. Nikabonyeza nywele. Ikapaka nywele, ikapaka na sikio. Sikio linang'aa, mtu aliye Busia analiona. Nikafuta, tangazo. Nikarudia, tangazo. Nikabonyeza kuhifadhi, wakapiga jina lao kama muhuri kwenye PAJI LA USO la shangazi. Si pembeni. Si chini kwenye nyasi. Paji la uso! Eti nilipe kila wiki ndipo walitoe. Na kule nje waliandika "bure".

Shangazi naye hakungoja, akanyakua simu akairusha kwenye grupu. Mwenyekiti akauliza kama hao ndio wadhamini wa harusi.

nyanya_za_jana
😂😂😂 Shangazi kapata udhamini, wewe unalia. Dai komisheni.

MtaalamuWaMilimani
Shida yenu ni kupenda vya matangazo. Weka Lightroom, ni bure. Ingia Color Mix, gusa bluu, sogeza Hue. Nywele pia hivyo hivyo. Kwisha.

studio_ya_ngazini
Niko Nakuru, kazi hii naifanya kila siku. Mtaalamu, Color Mix kweli ni ya bure, lakini inashika kila bluu iliyo kwenye picha: gauni, anga, hema, hata mkebe wa maji. Na Hue ya bluu inaishia kwenye zambarau, damu ya mzee haifiki. Ile brashi ya kuchagua sehemu moja tu ndiyo ya kulipia. Nywele nyeusi nazo hazina rangi ya kusogezwa, kwa hiyo utavuta Hue mpaka jioni na hakuna kitakachotokea.

Jogoo, chukua Snapseed. Haina matangazo, haipigi muhuri. Fungua Curves, kwenye Green na Blue shika ncha ya juu kulia uishushe, Red iache. Picha nzima itakuwa nyekundu, usiogope, weka tiki. Sasa gusa alama ya tabaka pale juu, ingia View edits, gusa hiyo Curves, halafu brashi. Wekundu wote utatoweka, na utarudi pale tu utakapopaka kidole. Paka gauni kwa 100. Ukimwaga nje, shusha hadi 0 ufute. Ukingoni kuza picha kwa vidole viwili, maana hapo ndipo brashi inakuwa ndogo. Mikunjo ya kitambaa itabaki, ndiyo inayofanya mtu asishuku.

Nywele fanya Curves nyingine peke yake. Safari hii ni ncha ya chini kushoto: Red ipande kidogo, Green nusu ya hapo, Blue isiguswe. Paka kwa 50, karibu na paji na sikio 25. Kahawia utapata. Akitaka dhahabu mkatalie. Ukiinua giza kiasi hicho, chenga za kamera zinatokea na nywele zinakuwa za kijivu, utadhani katoka kupepeta majivu.

JogooWaKondele
Usinitajie paji. Hapo ndipo walipopiga muhuri.

mama_watatu_Bondeni
Studio, mimi nina koti jeusi nataka liwe jeupe, ni picha ya kazi.

studio_ya_ngazini
Jeupe kwenda jeusi nitakufanyia. Jeusi kwenda jeupe hapana, mikunjo imezama gizani, utapata kiraka cha kijivu kama karatasi. Azima koti upige upya.

mama_watatu_Bondeni
Sasa koti la kuazima nitalitoa wapi saa hii? Kuna apu niliona inavalisha watu suti.

nyanya_za_jana
Ile inayoondoka na shingo?

MtaalamuWaMilimani
Bado nasema Color Mix inatosha. Yangu ilifanya kazi.

studio_ya_ngazini
Ulikuwa umesimama mbele ya ukuta mweupe, sivyo?

MtaalamuWaMilimani
Ukuta ulikuwa wa krimu.

dada_wa_blichi
Nyinyi mnalilia nywele za simu. Mimi saluni fulani hapa mjini imeniweka blichi ya kweli, kisogo chote kinawasha na nimeambiwa "itatulia". Nani amewahi kurudishiwa pesa?

nyanya_za_jana
Pesa ya saluni? Labda wakurudishie kitana.

mama_watatu_Bondeni
Dada osha na maji baridi, usikune. Hiyo saluni ni ile ya karibu na steji?

dada_wa_blichi
Hiyohiyo!! Kwani na wewe?