Mashine ya Mama Najma inaandika E18

Mama Najma: Majirani habari za asubuhi. Mashine yangu ya kufulia imegoma. Maji yamejaa, nguo zimo ndani, mlango haufunguki, na kwenye kioo inaandika E18. Ni Bosch ya mtumba, imetoka Ujerumani, na kitabu chake ni Kijerumani kitupu. Kuna anayekielewa?

Zuhura: Pole shoga. Yangu Samsung iliwahi kuandika 4E, kumbe bomba la ukutani lilikuwa limefungwa. Hebu angalia bomba.

Baba Eliya: Nimetafuta Google "Bosch E18". Zuhura yuko sahihi, wanasema maji hayaingii vizuri. Fungua bomba, safisha na kichujio cha pale maji yanapoingilia.

Mama Najma: Baba Eliya, maji yamejaa hadi nusu ya kioo cha mlango! Yameingia, hayatoki.

Fundi Hamisi: Mama Najma, usiguse bomba kwanza. Baba Eliya, ulichosoma ni cha mashine ya kuoshea vyombo. Kampuni ni hiyo hiyo na E18 ni hiyo hiyo, ila kwenye vyombo inahusu maji kuingia, na kwenye nguo inahusu maji kutoka. Ndiyo maana jina la kampuni peke yake halitoshi, lazima namba ya modeli. Mama, chini kulia mbele ya mashine kuna kidirisha cha plastiki. Kifungue, kwa ndani utakuta maandishi E-Nr. na FD. Tupigie picha.

Mama Najma: Hii hapa.
E-Nr. WAQ28441/01
FD 9206

Fundi Hamisi: Safi. Hiyo E-Nr. ndiyo ya kutafutia. Nenda tovuti ya Bosch, sehemu ya vitabu vya maelezo, uandike WAQ28441. Ikikataa, ongeza /01. Usiandike maneno makubwa yaliyo usoni mwa mashine, hayo yanabandikwa kwenye modeli nyingi.

Baba Eliya: Na FD je?

Fundi Hamisi: Ni tarehe ya kutengenezwa. Mbili za mwanzo unajumlisha 20, yaani 92 inakuwa 112, unaondoa ile 1 ya mbele inabaki 12, ndiyo mwaka 2012. Mbili za mwisho ni mwezi, Juni.

Mama Najma: Muuzaji aliniambia ya 2018 🙄

Najma: Shikamooni. Nimekipakua kitabu lakini nacho ni Kijerumani. Nimetafuta E18 ndani ya PDF, hakuna kitu.

Fundi Hamisi: Marahaba mwanangu. Mara nyingi wanaweka nukta mbili katikati. Andika E:18, au 18 peke yake. Ukikosa tena, tafuta Laugenpumpe.

Najma: Ipo! Jedwali la mwisho mwisho. E:18, na pembeni Laugenpumpe verstopft.

Fundi Hamisi: Pampu ya kutoa maji imeziba. Huhitaji kutafsiri kitabu kizima. Rudi nyuma kwenye Laugenpumpe reinigen, kuna michoro ya kuisafisha, na michoro haina lugha. Mama, zima, chomoa plagi, na kama ulifua kwa maji ya moto subiri yapoe. Weka sinia la chini kabisa, legeza kifuniko cha pampu kidogo kidogo, likijaa unakaza, unamwaga, unarudia. Ukikifungua chote kwa mkupuo, sebule itaogelea.

Zuhura: Kwa hiyo yangu ya 4E nisafishe pampu?

Fundi Hamisi: Hapana Zuhura. Samsung ni maji kuingia, ulifanya sawa. Pampu ikiziba kwako utaona 5E.

Mama Najma: Jamani, maji yametoka ndoo na kitu. Nimekuta sarafu ya mia mbili, pini ya ushungi na manyoya ya nguo kama paka.

Fundi Hamisi: Ingiza kidole uzungushe kile kifeni cha ndani. Kinazunguka?

Mama Najma: Kinazunguka ila kinakwama kwama.

Fundi Hamisi: Hivyo ndivyo kinavyotakiwa, ni sumaku. Kingeganda kabisa au kulegea ovyo, hapo tungesema pampu imekufa. Kaza kifuniko barabara, chomeka, weka programu ya kutoa maji peke yake.

Mama Najma: Inanguruma. Maji yaliyobaki yametoka, mlango umefunguka! Lakini yanatoka polepole kuliko zamani.

Fundi Hamisi: Bomba la kutolea maji umelipitisha wapi?

Mama Najma: Dirishani, juu kidogo ya kifua changu.

Fundi Hamisi: Hapo ni juu mno. Mwisho ni sentimita 100 kutoka sakafuni. Ikibaki hivyo, E18 inaweza kurudi hata pampu ikiwa safi.

Baba Eliya: Toboa ukuta chini mama.

Mama Najma: Mwenye nyumba alishakataa. Nitamrudia jioni.