Mrejesho: kurusha mpira bila kumwiga mwalimu

Niliuliza: "Nikionyesha kurusha mpira, darasa la tano wote wananiiga, hata wanaotumia mkono wa kushoto. Nifanyeje?"

Ahsanteni. Juzi hapa Wete sikuonyesha kitu. Kila mmoja alirusha mpira wa matambara mara tatu: miguu sambamba, mguu wa kulia mbele, kisha wa kushoto mbele. Mpira ulipoangukia, akaweka kumbi la nazi.

"Kumbi gani liko mbali?"

Wengi: mguu wa kushoto. Mmoja wa shoto akabisha, "Langu la mguu wa kulia!" Ulimi uliniwasha, nikajizuia.

"Mguu wa mbele na mkono unaorusha, viko upande mmoja?"

Kimya kirefu. Kisha: "Vimepishana, mwalimu, ndo mwili unapata kuzunguka."

Ila kipindi kiliisha hatujarusha kwa kukimbia.