Muda mbaya kabisa wa hendla za intarapti: pini na analaiza, CYCCNT, au programu ya uchambuzi?

nyuzi_tatu
Wakuu, nina bodi ya kuendesha mota, chipu ni STM32F407 kwa 168 MHz, haina RTOS, ni lupu kuu na intarapti tatu basi. ADC inapiga kila mikrosekunde 50 na ndo ya juu kabisa. Inafuata taimu ya enkoda kila milisekunde 1, halafu UART ya 115200 iko chini, haina FIFO na DMA sijaweka. Nataka uhakika kwamba kila hendla inamaliza ndani ya dedlaini, sio "inaonekana iko poa". Njia naona ni tatu: kuinua pini ukiingia na kuishusha ukitoka af unatazama kwenye loji analaiza, au kusoma CYCCNT na kutunza namba kubwa kuliko zote, au ile programu inayosoma faili la ELF na kukupa kikomo bila kuendesha chochote. Mngeenda na ipi?

kapasita_kavu
CPU inatumika asilimia ngapi? Kama haifiki 70 huna haja ya kujisumbua hivyo, washa wochidogi ikikwama inajiwasha upya, maisha yanaendelea

ledi_ya_kijani
CYCCNT bila kufikiria mara mbili. Haikugharimu kitu na inahesabu kila mzunguko wa saa. Mi naweka hivi:

```c
CoreDebug->DEMCR |= CoreDebug_DEMCR_TRCENA_Msk;
DWT->CTRL |= DWT_CTRL_CYCCNTENA_Msk;

void ADC_IRQHandler(void) {
    uint32_t t0 = DWT->CYCCNT;
    kazi_ya_adc();
    uint32_t d = DWT->CYCCNT - t0;
    if (d > adc_max) adc_max = d;
}
```

Unaiacha inakimbia usiku kucha, asubuhi unasoma `adc_max`, unaongeza mizunguko 12 ya kuingia kwenye hendla, hiyo ndo WCET yako.

mzee_rejista
@ledi_ya_kijani msimbo uko sawa ila hiyo asubuhi unasoma muda mrefu uliotokea, sio mrefu unaoweza kutokea. Mota ikizunguka usiku kucha bila mzigo, tawi la kuzuia mkondo kupita kiasi halijaguswa hata mara moja, na mara nyingi ndo tawi refu kuliko yote. Na zile 12 ni za kumbukumbu isiyosubirisha, wakati F407 kwa 168 MHz inasoma fleshi kwa kusubiri mizunguko 5, kashe yake ndogo ndo inayokuficha hilo. Ukitaka kuliona, zima biti za `ICEN` na `DCEN` kwenye `FLASH->ACR` upime tena.

Kingine, CYCCNT haisimami hendla ikikatizwa. Ukipima taimu huku ADC inaingia juu yake, namba ya taimu inabeba na muda wa ADC, af ukija kupiga hesabu unajikuta umeihesabu ADC mara mbili. Pima kila hendla huku zilizo juu yake zimezimwa.

@nyuzi_tatu leta namba zako, na sehemu ndefu kabisa ambapo lupu kuu inafunga intarapti.

bodi_mbili
Mi niko kwenye M0+ na huko CYCCNT haipo kabisa, kwa hiyo hii mada nusu hainihusu 😅 nimebaki na pini. Ila pini ina raha yake, ukiwa na laini tatu kwenye analaiza unaona kabisa nani kamkalia nani, namba ya CYCCNT haikuonyeshi hilo.

nyuzi_tatu
Nimepima kila moja peke yake, kashe imezimwa: ADC 18, taimu 22, UART 3, zote mikrosekunde. Lupu kuu inafunga intarapti kwa 12 wakati inanakili foleni ya ujumbe. CPU ni kama asilimia 42.

mzee_rejista
Haya. Wa kumwangalia ni UART. Baiti moja ni biti 10, kwa 115200 inachukua mikrosekunde 86.8, na usipoisoma kabla inayofuata haijakamilika inapotea na bendera ya `ORE` inasimama. Hiyo ndo dedlaini yake.

Chukulia kila kitu kimetokea kwa wakati mmoja: baiti imefika punde tu lupu kuu ilipofunga intarapti, na ADC na taimu nazo zinadai. 3 + 12 + 18 + 22 ni 55. Lakini ndani ya 55 ADC inapata nafasi ya kuingia tena maana inakuja kila 50, kwa hiyo ongeza 18 nyingine, unafika 73. Ndani ya 73 ADC bado ni mara mbili tu, namba imetulia. 73 chini ya 86.8, umepita.

Sasa lazimisha lile tawi baya. Usisubiri mota ikwame, andika mwenyewe thamani kubwa kwenye kigezo cha mkondo ili hendla ipite huko.

nyuzi_tatu
Duh. Nimelazimisha, ADC imetoka 18 ikaenda 26, kuna kugawanya kwa `double` humo na FPU ya hii chipu ni ya `float` tu kwa hiyo inafanywa na maktaba. Nikirudia hesabu: 3 + 12 + 26 + 22 ni 63, ADC inaingia tena, 89. Imezidi! Yaani CPU asilimia 58 na bado baiti inapotea.

mzee_rejista
Ndo ujue asilimia ya CPU haijibu hili swali @kapasita_kavu, na wochidogi haitashtuka hata kidogo maana hakuna kilichokwama. Ona pia ADC imeongeza 8 lakini UART imelipa 16, sababu inalipishwa mara mbili.

Dawa ya haraka: pandisha UART juu ya taimu. Taimu ina milisekunde nzima, UART ina 86.8, mwenye dedlaini fupi ndo anatakiwa awe juu. UART inakuwa 3 + 12 + 26 = 41. Taimu nayo inafika kama 92 kati ya 1000, haitasikia kitu. Halafu hiyo `double` ibadilishe, haina kazi hapo.

ledi_ya_kijani
Sawa nakubali kuhusu matawi. Lakini ukishalazimisha matawi yote na kuongeza asilimia 20 juu, ile programu ya uchambuzi ya nini tena?

mzee_rejista
Hendla fupi zenye matawi matano sita, hata mi nisingeinunua. aiT au OTAWA zina maana pale matawi ni mengi kiasi kwamba huwezi kuyalazimisha yote kwa mkono, au kuna mkaguzi anataka uthibitisho. Nazo hazifanyi miujiza, lupu ambayo hazijui mwisho wake lazima uziambie wewe inazunguka mara ngapi, ukidanganya nazo zinadanganya. Hiyo 20 yako je, imetoka wapi?

ledi_ya_kijani
Mazoea tu. Ila mpaka leo haijawahi kuniangusha

bodi_mbili
Swali dogo @nyuzi_tatu, unahifadhi mipangilio kwenye fleshi hiyo hiyo?

nyuzi_tatu
Ndio, mtumiaji akibadilisha kigezo. Ila mota inakuwa imesimama.

bodi_mbili
Basi hesabu yote hapo juu inakufa wakati huo. F407 ikifuta sekta, chochote kinachosomwa kutoka fleshi kinasubiri, hendla zikiwemo, na ni mamia ya milisekunde. Mota imesimama sawa, lakini UART haijasimama. Hamisha hendla ya UART na jedwali la vekta kwenye RAM, na hakikisha haiiti chochote kilichobaki fleshi.

nyuzi_tatu
Nilidhani zile `ORE` wakati wa kuhifadhi ni waya. Naanza na kubadili vipaumbele, RAM nitaigusa baada ya kuona `memcpy` ya maktaba inakaa wapi.