Fundi wa Lamu ameniambia "inshallah Ijumaa". Nimwamini?

MlangoMmoja (mwenye uzi), Jumanne
Wakubwa, hamjambo. Niko Malindi. Nimeagiza mlango wa nakshi kwa fundi wa Lamu, wa mbao mbili na mti wa mfaa katikati, urefu futi saba. Nimemuuliza lini, akaniambia "inshallah Ijumaa". Mimi ni Mgiriama, Mkristo. Neno hili nimelisikia tangu utotoni ila sijui kulipima. Jirani yangu anasema hiyo ni ndiyo. Muuza mbao wa hapa anasema hiyo ni hapana ya watu wenye adabu. Nani mkweli? Nina haraka kidogo.

ChaiNzito
Mtoto wa pwani akiomba baiskeli akaambiwa inshallah, huanza kulia palepale. Umeshajibiwa, kanywe chai.

BintiMkomani
Mwenye uzi, kwanza rekebisha. Usiliandike kwa neno moja, ukiliunganisha maana inageuka kuwa kumuumba Mungu, astaghfirullah. Andika in shaa Allah. Pili, Mwislamu akilitamka amejifunga mbele ya Mola wake, asipoleta Ijumaa ana kosa. Kwa hiyo mwamini.

UstadhWaBarazani
Dada, la kwanza ni kweli nusu. Kwa herufi za Kiarabu ni maneno matatu: "ikiwa", "ametaka", na jina la Mwenyezi Mungu. Ukiyabana mawili ya mwanzo kwa herufi zile linatoka neno jingine, la kuunda kitu, na hilo ni kosa la hijai. Lakini Kiswahili kimelipokea zima kama kilivyopokea alhamdulillahi, na hakuna Mswahili anayesoma inshallah akafahamu kuumba.

La pili umeligeuza kichwa chini. Neno hili halimfungi msemaji, linamfungua. Mtu akiapa "wallahi nitaleta Ijumaa", asilete, ana kafara: alishe maskini kumi au awavishe, na asiyeweza afunge siku tatu. Akiapa "wallahi nitaleta Ijumaa inshallah", akaliunganisha na kiapo bila kukata maneno, na akakusudia kukifungamanisha, hana kafara. Kwa hiyo mwenye uzi usijaribu kumwapisha fundi. Atakuapia vizuri, aitie inshallah mkiani, na utakuwa umerudi ulipokuwa.

MlangoMmoja
Ustadh, kwa maneno yako inshallah ni shaka basi?

UstadhWaBarazani
Siyo. Asili yake ni amri. Suratul Kahf, aya ya 23 na 24: usiseme juu ya jambo lolote "hakika nitalifanya kesho" ila ufungamanishe na kutaka kwa Mwenyezi Mungu. Na limetumika pasipo na shaka hata chembe. Suratul Fath, aya ya 27, Waislamu wanaahidiwa kuingia Msikiti Mtakatifu, na neno limo ndani ya ahadi ya Mola mwenyewe. Ukipita makaburini unawasalimu maiti na kuwaambia "nasi inshallah tutakutana nanyi". Nani ana shaka kwamba atakufa?

Wanazuoni wanatenganisha inshallah ya tabaruku na inshallah ya taaliki. Ya tabaruku, msemaji ameshaazimia, anatafuta baraka tu, na azma yake iko palepale. Ya taaliki, ameitundika azma yenyewe juu ya msumari, ikidondoka hana lawama. Sauti ni moja. Nia ndiyo mbili, na nia haionekani kwenye simu.

Kwenu pia limo, Waraka wa Yakobo, sura ya 4 mstari wa 15: "Bwana akipenda". Sidhani kama mnalipima.

BabaWawili
Ustadh samahani, hapohapo kwenye taaliki. Mtu akimwambia mkewe "nimekuacha inshallah", talaka imepita?

UstadhWaBarazani
Madhehebu yamehitilafiana. Kwa Shafi, ambao ndio sisi wa mwambao, akikusudia kufungamanisha haipiti. Wengine wanasema inapita. Lakini wewe nenda kwa Kadhi kesho asubuhi, usiulize kwenye uzi wa mlango.

FundiRanda
Nia haionekani, lakini mahali neno lilipokaa panaonekana. Mwenye uzi, andika hapa maneno yote kama yalivyosemwa, lako na lake. Usifupishe.

MlangoMmoja
Mimi: "Fundi, Ijumaa mlango utakuwa tayari?" Yeye: "Inshallah." Basi.

FundiRanda
Basi hakukuambia "inshallah Ijumaa". Ijumaa ni yako, yeye ametoa inshallah peke yake. Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo.

Anayeazimia hukutajia kazi na siku, kisha neno linafuata: "Miimo nimemaliza, kizingiti ni kesho, Alhamisi napakia, inshallah." Hapo lina kitu cha kushika. Anayesita hukupa neno tupu, au analitanguliza halafu analizungusha: "Inshallah, Mungu mkubwa, tutaona." Ukisikia "tutaona" baada yake, usisubiri.

Na swali lako lilikuwa baya. Ulimpa siku mdomoni, akabaki na ndiyo au la. Kwa watu wa Lamu kumwambia mteja "la" usoni ni kumvunjia heshima, na kusema "ndiyo" wakati mbao hazijakauka ni uongo. Inshallah iko katikati, inamtoa kwenye yote mawili. Hakukudanganya. Alikuwa anakupisha uulize la pili, ukakata simu.

Halafu Ijumaa ipi? Ya mlango kuwa tayari karakanani, au ya mlango kufika Malindi? Lamu ni kisiwa. Lazima uvushwe kwa boti hadi Mokowe, upakiwe kwenye lori, ndipo upite Witu na Garsen. Wa kuwa kwako Ijumaa unatoka kwake Alhamisi, na mlango ule hautoki kabla mfaa haujakaa. Umemlipa arbuni kiasi gani?

MlangoMmoja
Hilo la malipo si muhimu.

KijanaWaMatondoni
Ndilo muhimu kuliko yote. Sema.

MlangoMmoja
Nimemlipa zote. Elfu themanini. Alikuwa mtu mwenye staha, mzee, nikaona haya kumpa nusu kama sina imani naye. Kulipa mapema nako ni njia ya kumheshimu mtu, au sivyo?

KijanaWaMatondoni
Ni heshima, ndiyo. Na ndiyo sababu inshallah yake haina uzito mkononi mwako. Mwenye nusu ya pesa nje hukuhesabia siku bila kuulizwa.

BintiMkomani
Mnamsengenya mzee wa watu kwa neno la Mungu. Huko ni kudhani vibaya.

FundiRanda
Hakuna aliyemsema mzee. Tunasoma jibu lake tu. Mwenye uzi, haraka yako kidogo ni haraka gani?

MlangoMmoja
Wageni wanaingia Jumamosi. Waitaliano wanne, wamepanga nyumba yote wiki mbili. Na mlango wa zamani nishautoa. Nishauuza. Kabla hamjanirukia: ulikuwa umeliwa na mchwa chini, na mnunuzi alikuja na mkokoteni, ningemrudisha vipi? Isitoshe Ijumaa iliyopita nilimpigia fundi saa saba na dakika kumi mchana, akapokea vizuri kabisa na kuniambia inshallah, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye uhakika.

JichoLaPapa
Haya, uzi umeisha. Mzee wa Lamu, mwenye staha, Ijumaa saa saba na dakika kumi amepokea simu ya mteja? Saa hiyo yuko msikitini na simu iko nyumbani. Huyu ametunga hadithi apate watu wa kumwandikia makala. Subirini muione gazetini.

ChaiNzito
Nami nilishangaa. Hata paka wa Lamu saa ile wanatulia.

MlangoMmoja
Sikutunga. Nimeangalia simu sasa hivi. Nilimtumia ujumbe wa sauti saa saba na dakika kumi, akajibu kwa sauti saa tisa kasorobo. "Nilimpigia" nimeandika kwa mazoea.

JichoLaPapa
Dakika ishirini zilizopita ulikuwa umesikia "sauti ya mtu mwenye uhakika" akipokea simu.

MlangoMmoja
Sauti niliisikia, ya kurekodi. Inashuka mwishoni, "inshaaalla", kama mtu anayeketi.

FundiRanda
Uongo au kweli, swali lina faida. Na hilo la kuvuta katikati na kushusha mwisho lingefaa kuandikwa mwanzo. Linalosemwa fupi, pamoja na tarehe, ni la kazi. Linalovutwa na kushushwa mara nyingi ni la kuagana. Sisemi kila mara, wako wazee wanaovuta kila neno.

Fanya hivi leo. Usimuulize lini, wala usiitaje Ijumaa. Muulize kazi: "Fundi, miimo na kizingiti vimechongwa? Mfaa je? Naomba picha." Muulize pia nahodha gani atavusha hadi Mokowe, kwa sababu mtu aliyeazimia kupakia Alhamisi ameshazungumza na mtu wa boti. Kisha usimsukume. Soma neno limekaa wapi, na limekuja pamoja na nini.

BintiMkomani
Na umsalimu kwanza. Umuulizie na watu wa nyumbani. Siyo kumrushia mfaa usoni.

FundiRanda
Hapo nakuunga mkono.

MlangoMmoja, Jumanne usiku
Nimemtumia, na salamu nimeanza nazo. Amejibu: "Alhamdulillahi. Miimo imekwisha yeo, na kizingiti." Na picha, miimo ni kweli imechongwa, vumbi bado liko juu yake. Halafu ujumbe mwingine: "Mfaa bado." Kuhusu boti hakusema kitu. Halafu wa tatu: "Inshallah."

BintiMkomani
Si mnaona! Mzee anafanya kazi. Miimo na kizingiti ndiyo kazi kubwa, mfaa ni mti mmoja tu.

KijanaWaMatondoni
Mti mmoja, lakini wenye nakshi nyingi.

FundiRanda
Baina ya "mfaa bado" na "inshallah" kulipita muda gani?

MlangoMmoja
Kwa nini?

FundiRanda
Wewe tazama tu saa.

MlangoMmoja
Dakika arobaini.

UstadhWaBarazani
Iliyokatika namna hiyo haifungamani na iliyotangulia. Hiyo ni ya kukuaga.

JichoLaPapa
Au alikwenda kuswali isha akarudi. Kama fundi huyo yupo.

FundiRanda
Yawezekana. Mwenye uzi, kesho asubuhi tafuta turubai, upana futi sita, na kamba.